Pendekezo la Maandishi la Kugawana Fedha za Kiwanja cha Urithi: Tulivyofanya Ndugu Wanne wa Moshi

Desemba 2023 tulikaa barazani kwetu Kibosho, tukakubaliana kwa mdomo jinsi ya kugawana fedha za kiwanja cha mama kilichoko Pasua, Moshi mjini, endapo kitauzwa. Tuliachana vizuri. Kufika Pasaka kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake. Kaka mkubwa alikumbuka kwamba mdogo wetu wa mwisho atarudishiwa "kidogo" kwa gharama za hospitali za mama. Mdogo mwenyewe alikumbuka kwamba atarudishiwa zote. Wifi, mjane wa ndugu yetu wa tatu, hakuwa na la kukumbuka kwa sababu hakuitwa. Baba mdogo alisikiliza simu zetu kwa wiki mbili, kisha akaniambia: "Mwanangu, wewe ndiye mwenye mwandiko. Andika. Wapinge karatasi, wasipingane wao."

Nikaandika. Ninachoeleza hapa ni hatua zile zile tulizopitia, pamoja na hesabu yetu yote, ili nawe uweze kuandika pendekezo ambalo ndugu zako watalisoma bila kukutafsiri vibaya. Mfano wetu ni wa kiwanja chenye hati, kilichoandikwa jina la mama, chenye nyumba na vyumba vitatu vya kupangisha. Kihamba cha Kibosho, yaani shamba la ukoo yaliko makaburi, hatukukigusa, na pendekezo lilisema hivyo katika mstari wake wa pili. Usiache kusema hivyo. Mzee mmoja akisikia tu neno "kuuza" bila kujua ni ardhi ipi, kikao kimeharibika kabla ya chai.

Kwanza: nani ana mamlaka ya kuuza

Watoto wa marehemu, hata wakiwa kumi na wote wamekubaliana, hawawezi kuuza kiwanja kilichobaki katika jina la marehemu. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi za huku njia huanza na kikao cha ukoo kinachompendekeza mtu. Muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, na baada ya tangazo, asipotokea wa kupinga, mahakama hutoa barua ya usimamizi. Kiwanja kikiwa na hati, msimamizi hupeleka barua hiyo kwenye ofisi ya ardhi ili jina lake liingizwe kwenye hati kama msimamizi wa mirathi ya fulani. Baada ya hapo ndipo anaweza kumhamishia mnunuzi.

Maneno "kama msimamizi" yana uzito wake. Kaka yetu jina lake liliingia kwenye hati, na kwa siku kadhaa mtaani wakasema kiwanja amepewa yeye. La hasha. Msimamizi ni mtu aliyeshika mali ya wengine mkononi. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, kisha anarudi mahakamani kutoa hesabu. Mahakama ya Mwanzo inamtaka alete orodha ya mali, Fomu Na. V, na hesabu ya mirathi, Fomu Na. VI, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, na muda ukimbana anaomba aongezewe. Pendekezo unaloandika ndilo litakalozaa ile Fomu Na. VI. Kwa hiyo tangu mwanzo liandike kana kwamba hakimu atalisoma, maana karatasi itakayotokana nalo atakuja kuisoma.

Jambo la pili la kumaliza hapa ni orodha ya warithi. Kwetu lilizuka swali la mabinti. Mzee mmoja wa ukoo alisema sisi wawili wa kike tumeshaolewa, tupewe "cha kununulia kanga". Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa kweli ziliwaweka wanawake nyuma katika urithi, na bado zinatajwa vikaoni. Lakini Katiba inakataza ubaguzi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema wazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikubali kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Sikuyaandika haya yote kwenye pendekezo. Niliandika mstari mmoja: "Warithi wote wanne wana fungu sawa, wa kike kwa wa kiume." Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusaini, na mzee hakurudia tena. Ikiwa familia yenu ni ya Kiislamu na mirathi inaendeshwa kwa sheria hiyo, mafungu hayatakuwa sawa, mtoto wa kiume huchukua mara mbili ya wa kike. Hapo kwanza mwombeni anayejua mirathi awape mafungu, kisha hatua nyingine zote za hapa chini zifuateni zilivyo.

Swali la mjane lilikuwa gumu zaidi. Ndugu yetu wa tatu alifariki mwaka 2022, mama alikuwa ametangulia mwaka 2020. Yaani mama alipofariki, yeye alikuwa hai, na haki yake ilishaingia mikononi mwake. Kufa kwake hakukuirudisha kwetu. Fungu lake ni sehemu ya mirathi yake mwenyewe, la mjane na watoto wake wawili, na linapokelewa na msimamizi wa mirathi yake. Nimeona familia zikikosea pande zote mbili: wengine wanagawana lile fungu kwa kuwa "mwenyewe hayupo", wengine wanampa shemeji fedha taslimu kwa huruma, kisha watoto wakikua wanauliza ziko wapi. Sisi tuliandika kwamba fungu la marehemu litabaki kwenye akaunti ya mirathi mpaka wifi apate barua ya usimamizi wa mirathi ya mumewe. Alikasirika mwanzoni. Nilikwenda kwake Rau, nikamweleza kwamba ile karatasi inamlinda hata dhidi yetu sisi.

Pili: kusanya daftari na risiti kabla ya kuandika neno lolote

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kuandika kwenyewe. Usianze na mafungu. Anza na kujua ni fedha gani ziliingia na kutoka tangu mzazi afariki.

Vyumba vitatu vya Pasua vilikuwa vinalipiwa shilingi 50,000 kila kimoja kwa mwezi, na kaka mkubwa alikusanya kodi kwa miezi 24. Aliandika kwenye daftari la shule la kurasa arobaini na nane, jalada limechanika, jina la mpangaji upande wa kushoto na kiasi upande wa kulia, na pale mpangaji alipochelewa ameweka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu. Jumla ilikuwa 3,600,000. Humo humo kulikuwa na karatasi ya fundi wa paa na risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, jumla 1,200,000. Kwa hiyo 2,400,000 zilikuwa bado kwake. Hakuziiba. Alizitumia akijua atazihesabia, na daftari lilimsaidia kusema hivyo bila aibu. Lingekuwa halipo, tungebishana kuhusu tabia yake badala ya kubishana kuhusu kiasi.

Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyeishi na mama na kumpeleka kliniki. Alikuwa na kopo la biskuti lililojaa risiti. Nilizipanga mezani kwa tarehe, nikazijumlisha mara mbili: 3,960,000. Kulikuwa na nyingine alizosema zimepotea, nauli za bodaboda, maziwa, malipo ya binti wa kumsaidia usiku. Nikamwomba asizitaje kama deni kwa wakati huo, tutazipa mahali pake.

Ndugu yetu wa tatu alichukua 3,200,000 mwaka 2021 kutoka fedha zilizobaki za ng'ombe wa mama. Kulikuwa na karatasi, imesainiwa na yeye na baba mdogo kama shahidi, inasema "ntakatwa kwenye fungu langu". Ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya Biblia ya baba mdogo.

Kanuni niliyojiwekea ni hii: chenye karatasi kinaingia kwenye hesabu, chenye kumbukumbu tu kinaingia kwenye mazungumzo. Ukichanganya viwili hivi, kila mtu atakumbuka gharama, na nyingi zitakuwa za kweli, lakini hutaweza kutofautisha ipi ni ipi.

Tatu: ng'oa gharama za mauzo kwanza

Mnunuzi alikubali 96,000,000. Ndugu wengi hapo hapo hugawanya kwa nne na kuanza kupanga maisha kwa milioni 24. Si hivyo. Fedha hizo zina wenyewe kabla yenu.

Wa kwanza ni TRA. Ardhi au jengo likiuzwa kuna kodi ya faida ya mtaji. Kwa mkazi wa Tanzania mwenye kumbukumbu za gharama alizoingia, ni asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu hizo hukadiriwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini, ile iliyo kubwa. Mama alinunua kiwanja zamani, hatukuwa na karatasi ya bei wala ya ujenzi, tukaangukia kwenye asilimia 3, yaani 2,880,000. Viwango hivi hubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, kwa hiyo msimamizi apite ofisi ya TRA aandikiwe makadirio kabla ya kusaini mkataba wa mauziano. Bila uthibitisho wa kodi hii, uhamisho hausajiliwi. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi, lakini mwandike hivyo kwenye mkataba.

Dalali tulikubaliana naye kiasi maalumu, 3,000,000, si asilimia, na tukakiandika kabla hajamleta mnunuzi. Kulikuwa na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, 410,000. Wakili, ada za usajili wa hati, picha na nauli za kaka kwenda ofisi ya ardhi vilifika 1,350,000. Jumla ya yote ni 7,640,000. Zikabaki 88,360,000.

Huenda mnunuzi akawaomba muandike bei ndogo kwenye mkataba, mtajuana pembeni kwa inayobaki. Wetu aliomba tuandike 60,000,000. Mbali na kwamba ni udanganyifu wa kodi, na mthamini anaweza kuikataa bei hiyo kwa kuangalia tu mtaa kilipo kiwanja, inauvunja mgawanyo wenyewe. Hesabu ya mirathi mahakamani itasomeka milioni 60, na ile 36 itakuwa haina karatasi. Mrithi mmoja akinyimwa fungu lake katika ile 36, atadai kwa ushahidi gani?

Nne: tofautisha deni na shukrani

Zile 3,960,000 za risiti za hospitali tuliziandika kama deni la mirathi. Mdogo wetu alimkopesha mama, na deni la marehemu hulipwa kabla ya kugawana. Hapo hakuna anayetoa zawadi.

Kwa zile zisizo na risiti, na kwa usiku aliokesha, niliandika kifungu cha pili peke yake, nikakiita shukrani: 2,000,000, zinazotolewa na warithi wote kwa hiari yao. Neno hili lilipunguza joto. Kabla ya hapo kaka alikuwa akisema "utuonyeshe risiti ya maziwa", naye mdogo akilia. Shukrani haidai risiti, inadai tu kwamba wote wakubali kiasi. Na kama mmoja akikataa, kifungu hicho kinaondoka peke yake bila kubomoa kile cha deni. Baada ya vifungu hivi viwili zikabaki 82,400,000.

Tano: rudisheni chunguni kwanza, ndipo mgawe

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata kwa watu waliosoma. Kaka ana 2,400,000 za kodi mkononi. Marehemu ndugu yetu alichukua 3,200,000. Watu hugawanya 82,400,000 kwa nne, wanapata 20,600,000, kisha wanamkata kaka zake na marehemu zake. Jumlisha uone: kaka 18,200,000, mimi 20,600,000, marehemu 17,400,000, mdogo 20,600,000. Jumla ni 76,800,000. Zimebaki 5,600,000 mezani ambazo hazina mwenyewe. Mgawanyo ukibakiza fedha namna hiyo, ujue mmekosea hapa.

Njia sahihi ni kudhani kwamba wale wawili wamerudisha walichochukua. Chunguni kuna 82,400,000, ongeza 2,400,000 na 3,200,000, inakuwa 88,000,000. Gawa kwa nne: fungu kamili la kila mmoja ni 22,000,000. Sasa kila mmoja anahesabiwa kwamba ameshapokea alichonacho. Kaka anapokea 19,600,000. Mimi 22,000,000. Mirathi ya marehemu 18,800,000. Mdogo 22,000,000. Jumla ni 82,400,000 kamili. Mdogo akiongezewa deni na shukrani, anatoka na 27,960,000, lakini kwenye pendekezo usiandike kiasi hicho peke yake. Kikisimama peke yake kinaonekana kama fungu kubwa. Kiandike kwa sehemu zake tatu, kila moja na sababu yake.

Kisha mkague kwa kurudi nyuma: 82,400,000 za mafungu, 5,960,000 za deni na shukrani, 7,640,000 za gharama. Jumla ni 96,000,000. Mstari huu wa ukaguzi uweke ndani ya pendekezo lenyewe. Kaka alinipigia simu saa tatu usiku akisema, "Dada, nimejumlisha mwenyewe kwa simu, imekubali." Tangu hapo hakuuliza tena kuhusu hesabu.

Kwa kuwa bei inaweza kuyumba, andika pia mpangilio wa kukokotoa. Mnunuzi akiteremka hadi 92,000,000, zimepungua milioni 4, lakini kodi ya TRA nayo imepungua 120,000, kwa hiyo kilichopungua kwa warithi ni 3,880,000, sawa na 970,000 kwa kila mmoja. Fungu kamili linakuwa 21,030,000. Hamhitaji kikao kipya.

Sita: karatasi yenyewe

Yetu ilikuwa kurasa mbili. Maneno yake yalikuwa karibu hivi, nimeacha majina:

PENDEKEZO LA MGAWANYO WA FEDHA ZA MAUZO YA KIWANJA CHA MAREHEMU MAMA YETU. Rasimu ya pili.

Kwenu kaka, mdogo wangu, na wifi kwa niaba ya familia ya marehemu ndugu yetu. Nakala kwa baba mdogo, mwenyekiti wa kikao.

Shikamooni kwa wanaostahili, na salaam kwa wengine. Ninaandika pendekezo hili kama mmoja wa warithi wanne. Linahusu kiwanja cha Pasua peke yake. Halihusu kihamba cha Kibosho. Ni pendekezo tu, halimfungi mtu mpaka wote tusaini, na yaliyosemwa humu hayaathiri haki ya yeyote iwapo hatutakubaliana.

1. Fedha zote za mnunuzi zitaingia katika akaunti ya mirathi. Hakuna atakayepokea mkononi.

2. Kabla ya mgawanyo zitalipwa gharama za mauzo kama zilivyo katika jedwali, si zaidi ya 7,640,000. Ikizidi, msimamizi ataomba ridhaa yetu kwa maandishi kabla ya kulipa.

3. Italipwa 3,960,000 kwa mdogo wetu, ikiwa ni deni la matibabu ya mama, risiti zimeambatishwa.

4. Kwa hiari yetu sote tunampa mdogo wetu 2,000,000 za shukrani kwa kumtunza mama.

5. Kinachobaki kitaunganishwa na 2,400,000 za kodi ya vyumba zilizoko kwa kaka, na 3,200,000 alizochukua marehemu ndugu yetu mwaka 2021, kisha kitagawanywa mafungu manne sawa, wa kike kwa wa kiume. Kila aliyepokea atahesabiwa alichopokea.

6. Fungu la marehemu ndugu yetu litabaki katika akaunti ya mirathi hadi msimamizi wa mirathi yake atakapoteuliwa na mahakama.

7. Kila mmoja ajibu kwa maandishi ndani ya siku 14: nakubali, au nakubali isipokuwa kifungu fulani, na anachopendekeza badala yake, au sikubali, na sababu. Ukimya hautahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Baada ya hapo jedwali la hesabu, mstari wa ukaguzi, tarehe na saini yangu.

Maneno mawili ningependa uyaone. Katika kifungu cha 5 sikuandika "kaka anadaiwa". Niliandika "zilizoko kwa kaka". Kiasi ni kile kile, lakini moja linamweka mtu kizimbani na lingine linasema fedha ziko wapi. Na katika cha 7, "anachopendekeza badala yake". Mtu akikataa bila kuleta kiasi chake, huna cha kufanyia kazi. Kaka alijibu kwamba anakubali isipokuwa kifungu cha 4, anapendekeza 1,000,000. Mdogo akajibu kwamba yuko tayari kukiondoa kabisa. Kaka aliposoma jibu hilo aliandika barua ya pili, ya mistari mitatu, akasema ibaki milioni 2.

Nisingependa mambo haya yajibiwe kwenye kundi la Wasapu. Barua zilitumwa kwa picha, sawa, lakini jibu liliandikwa na kusainiwa. Kwenye kundi mtu huandika "sawa" akiwa kwenye daladala, akimaanisha tu kwamba ameona.

Saba: kutoka pendekezo hadi makubaliano

Majibu yalipokamilika, tuliyageuza kuwa makubaliano ya familia, tukayasaini mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo, kila ukurasa, baba mdogo na mtu mmoja wa nje ya ukoo wakiwa mashahidi. Nakala tano: moja kwa kila fungu, moja ya mahakama. Haya yalifanyika kabla mnunuzi hajalipa hata shilingi. Ukingoja fedha ziingie ndipo mwandike, aliye na mahitaji makubwa zaidi ndiye atakayekubali haraka, na baadaye atasema alilazimika.

Mnunuzi alilipa kwa awamu mbili, 60,000,000 wakati wa kusaini mkataba na 36,000,000 uhamisho ulipokamilika. Awamu ni mtego kwa sababu kila mtu anataka lake la kwanza. Tulikubaliana awamu ya kwanza ilipe gharama zote na kifungu cha 3 na 4, jumla 13,600,000, zibaki 46,400,000. Kila fungu likatengewa 11,000,000, jumla 44,000,000, na 2,400,000 zikawekwa kama akiba endapo kutatokea ada ya ghafla. Haikutokea. Awamu ya pili, 36,000,000 pamoja na ile akiba, ilikuwa 38,400,000: kaka 8,600,000, mimi 11,000,000, marehemu 7,800,000, mdogo 11,000,000. Kila malipo yalipita benki, na kila mpokeaji alisaini karatasi ya kupokea yenye kiasi, tarehe na kifungu kinachohusika.

Kama mmoja wenu atakataa kabisa, msimamizi asigawe kwa nguvu na asimuache nje. Anapeleka hesabu mahakamani kama alivyoipendekeza, na anayepinga anaeleza pingamizi lake kwenye mahakama ile ile iliyofungua mirathi. Watu hukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba kwa kuwa neno ardhi limetajwa, lakini ugomvi wa nani apate fungu gani katika mirathi ni wa mahakama ya mirathi, na unaweza kupoteza miezi mingi kabla hujarudishwa huko. Pendekezo lako na majibu yake yenye tarehe yatakuwa ndiyo karatasi za kwanza hakimu atakazotaka kuziona.

Wifi alipata barua yake ya usimamizi miezi mitano baadaye. Kaka alimhamishia 18,800,000 siku hiyo hiyo, akanitumia picha ya karatasi ya benki. Wifi alifungua akaunti ya watoto kwa sehemu yao, na nakala ya makubaliano ameiweka pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa. Kaka alijaza Fomu Na. VI kwa kunakili jedwali letu mstari kwa mstari, akaambatisha karatasi za kupokelea, na faili la mirathi ya mama likafungwa.